Ganda la kahawa kwenye birika

Ukiingia kwenye kinu cha kukobolea kahawa ukaomba maganda, utajaziwa mfuko wa vitu vyepesi vya rangi ya nyasi kavu, vinavyovunjika kama karatasi ukivifinya. Ndivyo vinavyobaki punje ikishavuliwa koti lake gumu. Vinafaa kuwashia moto, vinafaa kutandikwa bandani chini ya kuku. Ukivichemsha, maji yatakuwa ya manjano hafifu yenye ladha ya katoni iliyonyeshewa. Namjua mtu aliyefanya hivyo baada ya kusikia kwamba Ulaya wanakunywa chai ya maganda ya kahawa, na tangu siku hiyo hataki kusikia habari hiyo tena. Kwa alichokichemsha hakukosea. Lakini hakuchemsha kaskara.

Kosa linaanzia kwenye neno. Kwa Kiswahili tunasema ganda tu, hali tunda la kahawa limevaa nguo zaidi ya moja. Nje kabisa kuna ngozi nyekundu, na chini yake nyama nyembamba yenye sukari, ile ambayo watoto hunyonya shambani wakitema mbegu. Kisha unakuja utelezi unaong'ang'ania mbegu, kisha koti gumu ambalo wakulima wa Kivu, kwa kuazima Kifaransa, huliita parshi, na mwisho kabisa ngozi laini inayogusa punje. Kaskara ni ile nguo ya kwanza: ngozi nyekundu pamoja na nyama yake, iliyotolewa na mashine ya kumenya siku ileile ya kuchuma, ikakaushwa peke yake. Neno lenyewe ni la Kihispania na maana yake ni ganda. Kinuni Goma hulikuti, kwa sababu lilibaki juu kwenye milima, kwenye kituo cha kuoshea kahawa, likitupwa shimoni au kurudishwa kwenye migomba.

Kuna kaskara nyingine ya kujihadhari nayo, hasa kwa anayenunua dawa za mitishamba kwa jina tu. Ile inayoitwa kaskara sagrada ni gome la mti wa Amerika ya Kaskazini, nalo ni dawa ya kuharisha. Haina uhusiano wowote na kahawa. Anayezichanganya hizi mbili atakesha chooni.

Kunywa tunda badala ya mbegu si ubunifu wa mikahawa ya Ulaya. Wayemeni wamekunywa kishri kwa karne nyingi, maganda ya buni yaliyochemshwa na tangawizi, wakati mwingine na mdalasini. Sababu mojawapo ni rahisi kueleweka na mkulima yeyote: punje ilikuwa na soko, ganda halikuwa nalo, kwa hiyo punje iliuzwa na ganda likabaki nyumbani. Kwa Waborana wa Ethiopia na kaskazini ya Kenya, buni nzima na ganda lake hukaangwa kwenye samli. Bukoba, Wahaya huchemsha matunda ya robusta pamoja na majani ya kunukia, huyakausha, kisha humpa mgeni ayatafune na ngozi yake. Sisi wa pande za Masisi hatukurithi desturi ya namna hiyo. Hapa kahawa ililetwa kama zao la kuuza, ganda likahesabiwa taka, na taka haipewi jina zuri. Huko Amerika ya Kati, mkulima na mfanyabiashara wa El Salvador aitwaye Aida Batlle ndiye anayetajwa zaidi kwa kuirudisha kaskara sokoni mwanzoni mwa karne hii, na mwaka 2017 Starbaksi wa Marekani wakaweka sharubati yake kwenye kahawa ya maziwa. Tangu hapo maswali yamekuwa mawili: ina ladha gani, na itanikesheza?

Swali la ladha lina jibu linalowashangaza watu wa kahawa zaidi ya wengine. Kaskara haina ladha ya kahawa hata kidogo. Harufu tunayoiita ya kahawa huzaliwa kwenye kikaango, sukari na protini za mbegu zinapoungua kwa kiasi, na ganda hili halijawahi kuona kikaango. Linabaki kuwa tunda lililokaushwa, na hunyweka kama tunda. Weka gramu 10, yaani kiganja kilichojaa, kwenye nusu lita ya maji yaliyotoka kuchemka, funika dakika tano, kisha chuja. Maji yatakuwa na wekundu wa kahawia, kama chai ya rangi iliyowekwa majani machache. Kwanza utasikia uchachu mwepesi wa ukwaju au wa choya, kisha utamu wa zabibu kavu, na mwishoni ukakasi kidogo unaokausha pembe za ulimi. Ukakasi huo ni tanini. Ukiacha maganda yachemke jikoni robo saa, tanini ndiyo itakayotawala na utamu utajificha, na hapo utaelewa kwa nini Wayemeni, wanaochemsha, wanaweka tangawizi.

Anayetaka kinywaji laini zaidi aloweke maganda kwenye maji baridi tangu jioni hadi asubuhi. Ukakasi hupungua sana, na kinachobaki kinakaribia maji ya zabibu. Mimi binafsi naona hii ndiyo namna bora kuliko zote, ingawa najua kwamba kwenye baridi ya Kingi, kwetu Masisi, asubuhi, vilima vikiwa bado na ukungu, kumshauri mtu anywe kitu baridi ni kumtania.

Ladha hubadilika kwa mambo ambayo mnywaji hayaoni. La kwanza ni kuiva. Tunda lililochumwa likiwa na ubavu wa kijani halina sukari ya kutosha, na ganda lake hutoa maji ya ladha ya majani mabichi. La pili ni maji ya mashine. Mashine nyingi humenya kwa maji mengi, na maji hayo huondoka na sukari ya nyama kabla ganda halijafika kitandani, hivyo kaskara ya mashine isiyotumia maji, au inayotumia kidogo, huwa tamu zaidi. La tatu, lenye uzito kuliko yote, ni mwendo wa kukauka, na hilo nitalirudia.

Sasa kafeini. Hapa kuna kambi mbili, na kila moja ina ushahidi mkononi. Wa kwanza watakwambia ganda lina kafeini sawa na mbegu. Wa pili watakwambia kinywaji chake hakina kafeini ya kumsumbua mtoto. Wote wamesoma namba za kweli, ila hawakusoma namba za kitu kimoja.

Kambi ya kwanza inapima ganda kavu. Watafiti waliochunguza maganda haya kwa ajili ya kulishia ng'ombe, hasa huko Guatemala katika miaka ya 1970, walikuta kafeini inayofikia kama asilimia 1.3 ya uzito mkavu. Vipimo vingine vimeshuka hadi karibu nusu asilimia. Mbegu ya arabika, ile ya vilima vinavyolitazama Ziwa Kivu, ina kama asilimia 1.2. Kwa hiyo gramu ya ganda bora inaweza kabisa kulingana na gramu ya punje. Ng'ombe, tukisema pembeni, hawakufurahia: ganda lilipozidi kwenye chakula chao walikula kidogo na wakakua polepole, na kafeini ilikuwa miongoni mwa waliolaumiwa pamoja na tanini. Kwenye nchi ya malisho kama Masisi hilo si jambo dogo, maana wazo la kwanza la mtu akiona lundo la maganda ni kulipeleka zizini.

Kambi ya pili inapima kikombe. Wachoma kahawa wa London waitwao Square Mile walipeleka kaskara maabara, wakajaribu kuipika kwa vipimo na muda tofauti, na namba kubwa waliyoipata ilikuwa kama miligramu 111 kwa lita. Kahawa ya kuchuja huwa na miligramu 400 hadi 800 kwa lita. Kwa hesabu hiyo kaskara ni kama robo ya kahawa, au pungufu.

Namba hizi zinapatana ukitazama kijiko. Kwa lita moja ya kahawa ya kuchuja watu huweka kama gramu 60 za unga. Kwa lita moja ya kaskara huweka gramu 20. Tofauti ya kwanza, na ndiyo kubwa, ni kwamba tunatumia theluthi ya kitu. Ya pili ni kwamba kahawa imesagwa na maji huipenya kila upande, lakini ganda linaingia zima, likiwa limejikunja, na kwa dakika tano maji hayajamaliza kazi yake.

Tulirudie birika letu la nusu lita. Gramu 10 za ganda lenye kafeini ya nusu asilimia zina miligramu 50 ndani yake. Likiwa ganda la asilimia 1.3, zina miligramu 130. Hata maji yakiinyonya kafeini yote, jambo ambalo halitokei kwa dakika tano, kikombe cha mililita 200 kitabeba kati ya miligramu 20 na 52. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inakadiria kikombe cha chai nyeusi cha mililita 220 kuwa na miligramu 50, na kikombe cha kahawa ya kuchuja cha mililita 200 kuwa na 90. Kaskara iliyopikwa hivi, basi, ikiwa kali kabisa inafikia chai ya rangi, na mara nyingi inabaki chini yake.

Lakini badilisha kijiko. Mtu anayependa kinywaji kizito aweke gramu 30 kwenye nusu lita ileile, na aichemshe badala ya kuiloweka. Sasa birika lina miligramu 150 hadi 390, na kikombe kinaweza kubeba 60 hadi 156. Huyo amekunywa kahawa bila kujua, tena huenda kali kuliko ya jirani yake. Ndiyo maana pakiti ikiandikwa kwamba kaskara ina kafeini kidogo bila kusema ni gramu ngapi kwa maji kiasi gani, imeandika nusu ya habari. Na kuloweka kwenye maji baridi si njia ya kuikwepa. Kafeini huyeyuka kwenye maji baridi pia, ila taratibu, na usiku mzima ni muda wa kutosha. Maji baridi huacha nyuma sehemu kubwa ya tanini, kwa hiyo ulimi unadanganyika kwamba kinywaji ni chepesi.

Wanaopaswa kufuatilia hesabu hii kwa makini ni wachache. Mamlaka hiyohiyo ya Ulaya, mwaka 2015, iliweka miligramu 400 kwa siku kuwa kiasi kisichomtia wasiwasi mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mama mjamzito. Mama anayekunywa vikombe viwili vya kaskara ya gramu 10 kwa nusu lita yuko mbali na mpaka huo. Akinywa viwili vya gramu 30, anaweza kuuvuka kabla ya chakula cha mchana.

Mtu wa Walikale ataniuliza kuhusu robusta, maana huko chini, kwenye joto la msitu, ndiyo kahawa inayostahimili. Mbegu yake ina kafeini inayokaribia mara mbili ya arabika. Ganda lake, hata hivyo, halifuati mbegu kwa uwiano huohuo, na vipimo vya ganda hutofautiana sana kwa aina ya mti, kwa kuiva na kwa namna ya kukausha. Nisingemshauri achukue namba ya mbegu akaipachika kwenye ganda. Aanze na kijiko kidogo. Ladha nayo itamwambia jambo: nyama ya robusta ni nyembamba kuliko ya arabika, na birika lake huwa na utamu mchache zaidi.

Nimesema nitarudi kwenye kukausha, kwa sababu hapo ndipo chai hii huokoka au hufa, na ndipo Kivu ina shida yake ya pekee. Nchi ya kahawa huanzia pale milima ya Masisi inaposhuka kuelekea Sake, Bweremana na Minova. Minova ndipo ilipo SOPACDI, chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 2003 kikiwakusanya wakulima wa ukingo wa magharibi wa ziwa, baada ya miaka ambayo kahawa ilivushwa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda na wengine wakazama nayo. Vituo vya kuoshea vilibadilisha biashara ya punje. Kwa maganda vilifanya jambo lingine bila kukusudia: viliyakusanya mahali pamoja, yakiwa mabichi, siku ileile. Bila kituo, kila kaya inamenya kwa mkono na maganda yanapotelea shambani.

Chukua kilo 100 za serizi, ndivyo tunda bivu linavyoitwa huku, zilizofika kituoni saa kumi jioni. Zikishaoshwa, zilizoelea zikatolewa na mbichi zikachambuliwa, mashine itatoa kama kilo 40 za maganda mabichi. Karibu robo tatu ya uzito huo, au zaidi kidogo, ni maji. Yakikauka vizuri utabaki na kilo 10 hivi. Punje zilezile, zikishachachuliwa, kuoshwa na kukaushwa ndani ya parshi, zitakuwa kama kilo 20. Kilo 10 za kaskara ni birika elfu moja za nusu lita, na ukiitazama hivyo inavutia.

Kisha tazama saa. Maganda yenye sukari na maji hayasubiri. Yakilala kwenye lundo usiku mmoja, katikati ya lundo patakuwa na joto ukitia mkono, na asubuhi yatanuka siki. Kwa hiyo ni lazima yatandazwe jioni hiyohiyo, kwenye vitanda vya wavu vilivyoinuliwa, si zaidi ya sentimita mbili au tatu za unene, na yageuzwe kila saa siku ya kwanza kwa sababu yanapenda kushikana kama ugali. Kwa kilo 10 kwenye mita moja ya mraba, zile kilo 40 zinataka mita nne. Punje zao zenyewe zinataka nafasi inayokaribiana na hiyo, kwenye vitanda vilevile, wiki ileile. Na wiki hiyo iko katikati ya masika, maana sehemu kubwa ya mavuno ya huku huangukia kati ya Machi na Juni. Mwenye kituo akilazimika kuchagua kitanda kiende kwa punje au kwa ganda, hahitaji kufikiri mara mbili, nami singemlaumu.

Hapo ndipo kaskara nyingi mbaya hutengenezwa: ganda linapewa kitanda cha mwisho, au turubai chini, na mvua ya saa nane inalikuta. Juu linaonekana kavu, ndani ya mikunjo bado linanyonya unyevu, linafungwa gunia, na kuvu inaanza. Niliwahi kuletewa mfuko wa namna hiyo. Juu palikuwa na maganda mazuri ya rangi ya damu ya mzee, chini yalikuwa yameshikana na kuota unga wa kijivu, na harufu ilikuwa ya udongo wa pangoni. Aliyeniletea alisema tuchemshe sana, moto utaua. Moto unaua kuvu, ni kweli, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa, na kwenye kahawa inayojulikana zaidi ni okratoksini, haiondoki kwa kuchemsha. Mfuko ule ulirudi kwenye migomba.

Asiye na kipimo cha unyevu anaweza kutumia mizani. Apime kilo 10 za maganda mabichi, azitenge kwenye kona yake ya kitanda na alama, na azipime tena kila jioni. Zikishuka hadi karibu kilo mbili na nusu na zikakaa hapo siku mbili bila kupungua, zimekauka. Mkono nao una ushahidi wake: ganda lililo tayari huvunjika kwa mlio, ganda lenye unyevu hujikunja na kuacha unato kwenye vidole. Harufu inayotakiwa ni ya zabibu kavu au tumbaku tamu. Siki ni dalili ya kuchelewa kitandani, udongo ni dalili ya kuvu, na kati ya hizo mbili ya kwanza huharibu ladha tu, ya pili huharibu mnywaji.

Sheria za nje zimelegea kiasi. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeihesabu kaskara kuwa chakula kipya kisichoruhusiwa kuuzwa bila kibali, ingawa Wayemeni wangecheka kusikia neno kipya, na kibali kilitoka Januari 2022. Mlango uko wazi, lakini aliye nyuma yake atauliza vipimo vya kuvu na vya dawa za wadudu, kwa sababu dawa inayopulizwa kwenye mti hutua kwanza juu ya ngozi ya tunda, na ngozi ndiyo tunayoitia kwenye maji. Mkulima asiyepuliza chochote, na huku ni wengi kwa sababu ya bei ya dawa tu, ana faida ambayo hajawahi kulipwa.

Kuna deni jingine ambalo wauzaji wa nje hawalitaji. Ganda la kahawa lina potasiamu nyingi, na ndilo linalorudi chini ya migomba na mibuni kila msimu. Kilo 10 zikisafiri kwenda Goma na kuendelea, mbolea hiyo imesafiri pia. Likirundikwa kando ya kijito kama vituo vingine vinavyofanya, linanuka na kuchafua maji, na hapo kulikausha ni afadhali. Lakini penye mkulima anayelirudisha shambani kwa mpangilio, bei ya kaskara inabidi ilipe kitanda, ilipe mikono ya kugeuza kila saa, na ilipe pia kile ambacho mgomba ungekula. Kwa kituo chenye vitanda vichache chini ya mvua ya Aprili, nadhani kilo tano zilizokaushwa vizuri kutoka kwenye serizi za siku zenye jua zina maana kuliko gunia zima la siku zote, na hizo tano zinaweza kuishia kwenye birika la kituo chenyewe, gramu 10 kwa nusu lita, wachambuaji wakipokea kikombe kabla ya lori la jioni.